Friji ya chanjo: asubuhi nyuzi 4, usiku je?

Swali: Mimi ni nesi kituo cha afya kijijini, fomu yetu ya joto inasoma 4, 4, 5, 4 mwezi mzima, lakini kifaa cha kurekodi joto kimeandika ALARM ya jana usiku na kinaonyesha kilishuka hadi -1.8. Nifuate kipi? Na chanjo nitupe?

Jibu: Fuata kifaa. Ile fomu unaijaza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, na hapo katikati usiku mzima hakuna mtu wa kuangalia, kifaa ndo kinabaki macho. Alarm ya baridi inalia joto likikaa chini ya -0.5 kwa dakika 60, kwa hiyo hiyo sio kuyumba kidogo tu. Na wenye mtindo wa kuandika 4 bila kufungua friji mnajijua jamani.

Usitupe kitu kwanza. Surua-rubela, BCG na polio ya matone kuganda hakuziui, zinachoogopa ni joto. Wasiwasi uko kwa pentavalenti, pepopunda, nimonia na HPV. Hizo ziweke pembeni humo humo kwenye friji, bandika karatasi USITUMIE, mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya. Halafu chungulia chini, mara nyingi utakuta mtu aliona jua kali akazungusha kitufe cha baridi, au kapanga vichupa kwenye sakafu ya friji, nje ya kikapu.

Swali: Kwa macho siioni tofauti, sasa nitajuaje imeharibika?

Jibu: Fanya jaribio la kutikisa. Tuseme una vichupa 12 vya pentavalenti, bachi moja, 4 vilikuwa sakafuni na 8 kikapuni. Chukua kimoja cha sakafuni ukigandishe makusudi mpaka kiwe barafu kabisa, kiandike IMEGANDA, kisha kiache kiyeyuke chenyewe, usikipashe moto. Sasa kishike pamoja na kingine cha sakafuni mkono mmoja, tikisa sekunde 10 hadi 15, viweke mezani utazame mpaka nusu saa. Ulichogandisha mashapo yake yatazama haraka na juu maji yabaki maangavu. Kama mwenzie naye anazama kwa spidi hiyo hiyo au zaidi, basi kaharibika, akikawia huyo mzima. Rudia na kimoja cha kikapuni.

Tuseme cha sakafuni kimefeli, cha kikapuni kimepita.

Swali: Kwenye leja naandikaje?

Jibu: Andika kwa dozi, sio vichupa, hapa ndo wengi tunachanganya. Vichupa vya dozi 10, ulikuwa na 120, vinne vimetoka (pamoja na kile ulichogandisha), toa 40 kwenye safu ya hasara, sababu “kuganda”, salio 80. Weka bachi na tarehe, kisha fungua friji uhesabu kwa mkono uone kweli viko vinane. Na kwenye fomu ya joto andika ile -1.8 kama ilivyo, usiifiche, fundi akija ndo ataanzia hapo.