Tawi la wiki sita: dhana potofu kuhusu kazi ambayo haijakamilika

Ofisi yetu iko juu ya duka, hatua chache kutoka gati la Lamu. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, na tunatunza programu ya tiketi za boti zinazovuka kwenda Mokowe. Manahodha waliomba kitu kipya: mteja aweze kukodi boti nzima badala ya kununua kiti kimoja. Kazi hiyo ilinichukua wiki 6. Muda wote huo tiketi za kawaida hazikuruhusiwa kusimama, kwani anayewahi basi Mokowe hawezi kutungoja sisi. Niliingia kazini na dhana nilizoziamini kabisa.

Dhana: Kazi isiyokamilika ikikaa kwenye tawi lake, tawi kuu liko salama.

Ndivyo nilivyofanya. Kwenye Git, chombo kinachotunza msimbo wetu, tawi ni nakala ya pembeni unayoibadilisha bila kugusa tawi kuu tunalolitumia sote. Nilifungua tawi `kukodi-boti`, nikaandika faili jipya, `kukodi.py`. Bei ya boti nzima niliipata kwa kuita `nauli()`, ambayo wakati huo ilirudisha shilingi, kisha nikazidisha kwa idadi ya viti.

Wiki ya tatu mwenzangu, akiwa kwenye tawi kuu, aliibadilisha `nauli()` irudishe senti, kwa sababu kamisheni za mawakala zilikuwa zikileta desimali zinazopotea. Alifanya kazi safi. Alitafuta kila mahali inapoitwa:

```
git grep "nauli("
```

Akarekebisha pote alipopaona. Changu hakukiona, maana `git grep` ya kawaida hutafuta katika mafaili ya tawi ulilosimama, na msimbo wangu ulikuwa kwenye tawi lingine.

Wiki ya sita nikaunganisha. Hakuna mgongano hata mmoja. Skrini ilisema `Merge made by the 'ort' strategy.` nami nikafurahi. Git hulinganisha mistari ya maandishi. Yeye aligusa mistari yake, mimi nilikuwa na faili langu, kwa hiyo Git haikuwa na la kulalamikia. Kwamba maana ya namba imebadilika, haiwezi kujua. Jaribio langu nalo lilipita, kwa kuwa nililiandikia nauli ya kubuni ya 200 badala ya kuita `nauli()` halisi. Boti ya viti 20, iliyopaswa kukodiwa kwa shilingi 4,000, ikatoka kwa 400,000. Aliyeona ni nahodha mmoja mzee. Alinionyesha simu yake, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya kukodi au ya kuinunua?"

Ukweli ni kwamba tawi refu haliondoi mgongano. Linauahirisha hadi siku ambayo kila mtu ameshasahau alibadilisha nini na kwa nini. Na mgongano mbaya zaidi ni huu usioonyeshwa na chombo chochote. Kama msimbo wangu ungekuwa tayari kwenye tawi kuu, ukiwa umezimwa kwa swichi, yaani sharti linaloamua msimbo mpya utumike au usitumike, mwenzangu angeukuta kwenye orodha ileile ya `git grep` na kuurekebisha asubuhi ileile, dakika mbili tu.

Dhana: Basi inatosha kuvuta tawi kuu kila siku.

Inasaidia, na mwenye tawi refu lazima afanye hivyo. Lakini ni njia ya upande mmoja: wewe unaiona kazi ya wenzako, wao hawaioni yako. Kuvuta tu kusingenionyesha kosa la senti, kwa sababu hakukuwa na mgongano wa maandishi wa kunishtua. Mkiwa na matawi marefu mawili, hayo hayaonani kabisa hadi moja liingie tawi kuu.

Tawi la siku moja au mbili sina neno nalo. Sisi bado tunayafungua kila wiki. Tunachokataa ni tawi la kuzeekea.

Dhana: Swichi ni kujaza `if` kila kona.

Ukiiweka vibaya, ndiyo. Swichi nzuri hukaa mahali pamoja, pale ambapo njia ya zamani na mpya zinaachana:

```python
def bei(ombi, mtumiaji):
    if ombi.boti_nzima and imewashwa("kukodi_boti", mtumiaji):
        return bei_ya_kukodi(ombi)
    return bei_ya_kiti(ombi)
```

Kilicho ndani ya `bei_ya_kukodi` hakina haja ya kujua kuna swichi. Ukijikuta unaiuliza swichi hiyohiyo kwenye mafaili kumi, kasoro iko kwenye mpangilio wa msimbo. Utengenezee mlango mmoja kwanza.

Tahadhari moja hapa. Tuliporudia kazi hii kwa swichi, mwanzoni nilificha kitufe tu kwenye ukurasa. Kijana mmoja wa hoteli aliandika anwani ya `/kodi` mwenyewe, akaweka nafasi ya boti kabla hatujawa tayari. Kuficha kitufe si kuzima. Swichi ikaguliwe kwenye seva, pale ombi linapopokelewa.

Dhana: Swichi ikiwa imezimwa, msimbo ulio nyuma yake hauwezi kudhuru.

Dhana hii inaniogopesha kuliko zote. Kwanza, swichi hailindi hifadhidata. Nikiongeza safu mpya kwenye jedwali la safari na kuiwekea `NOT NULL` bila thamani ya kuanzia, kila tiketi ya kawaida itakataliwa kuandikwa, swichi iwe imezimwa au la. Ndiyo maana safu ya aina ya ukodishaji niliiongeza ikiwa inaruhusu kubaki tupu. Msimbo mpya ukaanza kuijaza, safari za zamani zikajazwa usiku, na sharti la `NOT NULL` likaja mwisho.

Pili, swichi iliyosahauliwa huzeeka ikiwa na nguvu zake. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka msimbo mpya wa kupeleka oda za hisa, na kwa kuuwasha ikatumia tena alama ya zamani iliyokuwa ikiwasha kazi iitwayo Power Peg. Power Peg ilikuwa imeachwa kutumika tangu 2003 lakini haikufutwa. Kati ya seva 8, moja haikupata msimbo mpya. Alama ilipowashwa, seva 7 zilifanya jambo jipya, na ya nane ikaamsha Power Peg, ikatuma oda bila kukoma. Ndani ya dakika 45 hivi hasara ilikuwa imeanza kujengeka, na mwishowe ikapita dola milioni 460.

Kosa halikuwa kutumia swichi. Kosa lilikuwa kuacha msimbo uliokufa na kurudia alama yake kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo kwetu jina la swichi halirudiwi kamwe. Kila swichi tunaiandikia mwenye nayo na tarehe ya mwisho, na jaribio dogo linaangusha ujenzi wote tarehe hiyo ikipita. Majaribio ya bei yanakimbia mara mbili, swichi ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa, na yanaita `nauli()` ya kweli. Swichi zikiwa tatu zinazogusana, tayari ni hali 8 za kupima, kwa hiyo haturuhusu zaidi ya mbili kwa wakati mmoja kwenye sehemu ya bei.

Zipo kazi zisizokubali swichi. Tulipohama toleo kubwa la Django hatukuweza kuwa na matoleo mawili ndani ya programu moja, hivyo tulifungua tawi, tukasimamisha kazi nyingine zote, tukalimaliza kwa siku nne.

`kukodi_boti` tuliiwasha kwa nahodha mmoja, halafu kwa boti tano, halafu kwa wote baada ya Maulidi, msongamano ulipopungua. Wiki mbili baadaye nikaifuta, pamoja na ukaguzi wake ndani ya `if`.