Mshahara mkubwa, makato madogo: ukomo wa michango ya hifadhi ya jamii unamfanyia nini anayelipwa vizuri

Mimi naandaa mishahara ya makampuni hapa Mtwara, na tangu shughuli za gesi zilete watu wa nchi mbalimbali kuna swali moja linarudi kila akija mtu mpya mwenye mshahara mkubwa. Mwaka 2025 aliniuliza injinia mmoja Mkenya, kaangalia slipu yake ya kwanza akaniambia, "Dada, hii laki nane imeenda wapi? Nairobi nilikuwa nakatwa elfu nne na kitu tu, na mshahara ni uleule." Na hakuwa anakosea, mshahara ulikuwa karibu sawa, shilingi 400,000 za Kenya ni kama milioni nane za huku, ila kule NSSF walikuwa wanamkata 4,320 za Kenya ambazo hata ukizigeuza hazifiki laki moja yetu. Huku NSSF yetu inachukua asilimia 20 ya mshahara wote, nusu ya mfanyakazi nusu ya mwajiri, na haina mahali inapogota. Ukilipwa laki nne unakatwa elfu arobaini, ukilipwa milioni nane unakatwa laki nane.

Kenya wana ukomo. Yani sheria inasema mshahara tutakaouhesabia mchango unaishia hapa, cha juu yake hatukigusi. Sheria yao ni ya mwaka 2013 lakini kesi zikaichelewesha, utekelezaji ukaja kuanza Februari 2023, kiwango ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri, na ukomo unapanda kila Februari kwa kufuata wastani wa kipato wa taifa. Ulianza nusu ya wastani ambayo ni 18,000, mwaka uliofuata ukawa 36,000, 2025 ukafika 72,000, na Februari 2026 ukawa 108,000 ambayo ni mara tatu ya wastani. Kwa hiyo ile 4,320 ya injinia ni asilimia 6 ya 72,000, basi, zile 328,000 zilizobaki za mshahara wake hazikuhesabiwa kabisa.

Sasa hapa ndo penye kiini. Asilimia imeandikwa 6 kwa watu wote lakini haiwi 6 kwa watu wote. Kwa ukomo wa 2026 anayelipwa 60,000 anatoa 3,600, hiyo ni 6 kamili. Wa 108,000 anatoa 6,480, bado ni 6. Wa 400,000 anatoa 6,480 ileile, na ukiigawanya kwa mshahara wake unapata asilimia 1.62. Ukijumlisha na ya mwajiri ni 12,960 kwa mwezi, kama asilimia 3.2 ya mshahara ndo inaenda kwenye uzee wake. Na mfuko wa Kenya unakuwekea akaunti yako, ulichoweka na faida yake ndo utakachokuta, kwa hiyo aliyezoea kuishi na laki nne za Kenya akitegemea NSSF peke yake atastaafu na akiba ya mtu wa laki moja na kidogo. Wengi hawaoni hili mpaka wanakaribia kustaafu maana kila mwezi walikuwa wanaiona teki homu nono na kuifurahia.

Ukomo ukisahaulika unaharibika vibaya zaidi. Kabla ya hiyo sheria mpya Wakenya walikuwa wanachanga asilimia 5 lakini isizidi shilingi 200 kila upande, yani ukomo wa mshahara ulikuwa 4,000 tu, ukakaa hapohapo miaka na miaka huku mishahara na bei za vitu vinapanda. Mwisho wake mlinzi wa geti na mkurugenzi wake wote wakawa wanatoa 200. Kwa hiyo ukisikia nchi ina ukomo swali la kwanza sio ni shilingi ngapi, ni je unasogea na kitu gani? Kama umefungwa kwenye wastani wa mishahara sawa, kama umeandikwa namba tu kwenye sheria na hakuna kinachousukuma, ujue baada ya muda utamkuta hadi mtu wa kipato cha kati.

Wenzangu wa hapa wakisikia habari za Kenya wanasema na sisi tuwekewe ukomo, hela zetu tujipangie wenyewe. Haya, tupige hesabu. Tuchukulie injinia wetu wa milioni nane, amechangia miaka 25 ambayo ni miezi 300, na mshahara wake wa milioni nane ndo wastani wa miaka mitatu bora katika kumi ya mwisho, maana kikokotoo chetu, yani kanuni ya kupigia hesabu ya pensheni, kinaangalia hiyo. Kwa mwaka ni milioni 96. Unazidisha kwa ile miezi 300 unagawanya kwa 580, namba ya kikokotoo, unapata kama milioni 49.7, hiyo ndo pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 35 ya hiyo inazidishwa kwa 12.5 inakuwa mkupuo wake, hela ya mara moja akistaafu, kama milioni 217, na asilimia 65 inayobaki unaigawa kwa miezi 12, anapata kama milioni 2.69 kila mwezi.

Sasa tuweke ukomo wa kufikirika wa milioni tatu, haupo huku, ni wa mfano tu. Makato yake yanashuka kutoka laki nane hadi laki tatu. Lakini ile laki tano haiingii mfukoni yote, kwa sababu mchango wa NSSF unatolewa kabla ya PAYE, ile kodi ya mshahara, na ukishavuka milioni moja kwa mwezi PAYE ni asilimia 30, kwa hiyo laki na nusu inaenda TRA na yeye anaongezewa laki tatu na nusu. Hiyo ndo faida yake ya kila mwezi. Upande wa pili kikokotoo nacho kitahesabia milioni tatu badala ya nane, mkupuo unashuka hadi kama milioni 81 na pensheni inakuwa kama milioni moja na elfu nane kwa mwezi. Mtu aliyekuwa analipwa milioni nane.

Na bado hatujamgusa mwajiri, na hapa nataka msome taratibu. Mwajiri alikuwa anaweka laki nane juu ya mshahara, ukomo ukija naye anaweka laki tatu, na ile laki tano yake haina sheria yoyote inayosema iende kwa mfanyakazi. Inabaki kwa kampuni. Kwa hiyo kila mwezi zilikuwa zinaingia milioni 1.6 kwa ajili ya uzee wa huyu bwana, sasa zinaingia laki sita, imepungua milioni nzima, na katika hiyo milioni yeye kaiona laki tatu na nusu tu. Hata akiiweka yote kwenye mfuko wa uwekezaji bila kuigusa bado ana pengo la laki sita na nusu kila mwezi. Ndo maana nasema anayelipwa vizuri akisherehekea ukomo bila kuongea na mwajiri amesherehekea mapema.

Hiyo haimaanishi kutokuwa na ukomo ni haki tupu, hapana. Kikokotoo chetu kinatazama miaka mitatu bora, hakitazami ulichochanga maisha yote. Mchukue mtu mwingine aliyelipwa milioni mbili kwa miaka 22, halafu akapandishwa cheo akalipwa milioni nane miaka mitatu ya mwisho. Pensheni yake inatoka sawasawa na ya yule aliyelipwa milioni nane miaka yote 25. Mchango wa huyu aliyepandishwa cheo pamoja na wa mwajiri wake kwa ile miaka 22 ulikuwa laki nne kwa mwezi, wa mwenzake milioni 1.6, robo tu, halafu wanastaafu sawa. Hiyo tofauti inabebwa na mfuko, maana yake inabebwa na wanachama wengine, na humo wamo wa mishahara ya kawaida iliyopanda kidogokidogo. Kwenye mifuko ya namna hii ukomo unafanya kazi ya maana, unazuia mshahara uliorushwa dakika za mwisho usiuletee mfuko deni la miaka mingi. Mimi binafsi naona dawa nzuri zaidi ni kuongeza miaka inayotumika kutafuta wastani, maana ukomo unampiga hata yule aliyechanga kikubwa siku zote, ila naelewa kwa nini wanaosimamia mifuko wanaupenda, ni rahisi kuuendesha.

Turudi kwa injinia. Hofu yake ilikuwa anapoteza laki nane, nikamwonyesha kwamba kwa sababu ya kodi kilichotoka kwenye teki homu yake hasa ni laki tano na elfu sitini, na kwenye mfuko zimeingia milioni 1.6 kwa jina lake. Ila nikamwambia pia kwamba pensheni yetu ya kila mwezi inataka miezi 180 ya kuchangia, kwa hiyo kama anakaa miaka mitatu arudi kwao asipige hesabu za kikokotoo nilizoweka hapo juu, hizo ni za mtu wa muda mrefu.

Na kwa Mmakonde mwenzangu anayekwenda kinyume chake, anachukua kazi Nairobi au Mombasa kwa mshahara unaofanana na huu, cha kwanza angalia slipu ya Februari, maana ndo mwezi ukomo unapobadilika, na kwa 2026 kama mshahara umezidi 108,000 makato ya NSSF yasome 6,480, yakisoma 4,320 wanatumia jedwali la 2025 na yakisoma asilimia 6 ya mshahara wote kuna mtu peiroli hajaweka ukomo. Cha pili, kabla hujasaini mkataba uliza kama kampuni ina skimu yake ya pensheni na mwajiri anaweka asilimia ngapi ya mshahara kamili, sio ya ule ulioishia kwenye ukomo. Kule sheria ya kodi inaruhusu mchango wa pensheni hadi 30,000 kwa mwezi utolewe kabla ya kodi, tangu mwisho wa Desemba 2024, kwa hiyo ukitoa ile 6,480 unabaki na nafasi ya 23,520 kila mwezi ya kujiwekea bila kukatwa kodi. Kama mwajiri hana skimu, omba asilimia yake uiandikishe kama sehemu ya mshahara mkiwa bado mnajadiliana, kwa sababu ukishaanza kazi hakuna atakayekumbuka kwamba hapa Mtwara mwajiri wako alikuwa anakuwekea asilimia 10 ya mshahara wote.