Bikabonati na beking pauda si kitu kimoja

"Mama, si zote ni unga mweupe wa kuumulia? Nimekosa beking pauda, nitie bikabonati kiasi kilekile?"

Usitie. Jirani yangu hapa Goma alijaribu: unga gramu 250, maziwa freshi, vijiko vidogo 2 vya bikabonati. Keki ikatoka kahawia iliyokolea, imebonyea katikati, na ladha, kusema kweli, sabuni. Beking pauda ni bikabonati iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu na wanga. Ikilowa hutoa gesi yenyewe. Bikabonati tupu hutaka kitu kichachu, na inayokikosa hugeuzwa na moto kuwa magadi. Kwa unga ule, weka nusu kijiko kidogo tu, na badala ya maziwa freshi tumia kikombe 1 cha maziwa yaliyoganda. Ukishakoroga, ingiza motoni upesi, mapovu hayangoji.