"Kushoto" ni upande upi? Dhana potofu kuhusu barua ya madai ya bima ya gari

Dhana: Picha zinajieleza, barua iseme tu gari limegongwa.

Mkadiriaji hajaliona gari lako. Picha ya karibu ya mkwaruzo humwonyesha rangi nyeupe yenye mstari, basi. Huenda ni mlango, huenda ni boneti. Kila alama ipigwe mara mbili: kwanza ukiwa umerudi hatua tatu nyuma ili mlango mzima na tairi vionekane, kisha karibu, rula ikiwa pembeni. Barua ndiyo inayozifunga picha hizo mbili kwa namba zake.

Dhana: Kushoto ni kushoto kwangu ninavyoitazama picha.

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Upande wa gari huhesabiwa kama umekaa ndani unatazama mbele. Ukisimama mbele ya boneti, taa iliyo kuliani kwako ni taa ya kushoto ya gari. Ukiandika kulia huku picha inaonyesha kushoto, anayesoma atadhani kuna madhara mawili, au ataanza kukushuku.

Tuseme gari lilikuwa limeegeshwa, jingine likarudi nyuma na kuliparuza. "Limekwaruzika vibaya ubavuni" halimsaidii mtu. Andika hivi:

"Mlango wa nyuma wa kushoto, picha 3 na 4: mkwaruzo wa mlalo, sentimita 22, unaoanzia sentimita 60 kutoka ukingo wa mbele wa mlango, sentimita 48 kutoka ardhini. Rangi imetoka hadi bati. Unaendelea sentimita 9 kwenye madigadi ya nyuma ya kushoto (picha 5), na kuishia kwenye bonyeo la upana wa sentimita 11."

Kimo kile cha sentimita 48 wengi hukiacha, nami nakiona ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote: mkadiriaji hukilinganisha na bampa ya gari lililogonga. Vikipishana sana, maelezo yako yatahojiwa.

Dhana: Bonyeo likiwepo, kamera italiona.

Bati linalong'aa ni kioo. Taswira ya tawi inayoakisiwa kwenye rangi huweza kuonekana kama bonyeo, na flashi ya moja kwa moja hulifuta bonyeo la kweli. Piga kwa kuchungulia ubavuni, ukitafuta kitu kilichonyooka kinachoakisiwa kwenye rangi, kama ukingo wa ukuta. Mstari wake ukipinda mahali fulani, bati limebonyea hapo. Ukihama kidogo na "bonyeo" nalo likahama, ni taswira tu.

Dhana: Alama za zamani zisitajwe.

Zinaonekana tu. Mkwaruzo wenye kutu iliyojenga gamba haujatokea juzi, na ukiuchanganya na mipya, hata ile ya kweli itatiliwa shaka. Sentensi moja inatosha: "Mchubuko wa bampa ya nyuma, kona ya kulia (picha 7), ulikuwepo kabla, siudai."