"Tu-" ya barua ni ya nani?

Kwenye steshenari yangu hapa Isevya, Tabora, ninachapa barua nyingi za kujitambulisha kwa wateja. Wenyewe ni vijana wanaojitegemea: wapiga picha, wachora lebo, watu wa hesabu za muda. Karibu zote zinaanza hivi: "Sisi ni kampuni inayojishughulisha na..." Nikiuliza mko wangapi, naambiwa, "Niko mwenyewe, mama."

Maana yenyewe ni fupi. Katika barua ya kutafuta kazi, "ni-" ni mtu mmoja anayeahidi kwa jina lake. "Tu-" ni ahadi ya watu zaidi ya mmoja, inayobaki palepale hata aliyeiandika akiugua au akiacha kazi.

Wengi hunijibu kwamba "tu-" ni adabu tu, kwamba "ni-" inasikika kama majivuno. Hoja hiyo naielewa, maana Kiswahili chetu kweli kinapenda wingi. Mtu wa chumba kimoja cha kupanga atakuambia siku moja twende kwetu. Mzee ukimuuliza hali atasema "tunaendelea". Lakini hebu tuitazame hiyo "kwetu". Kwangu ni ninapolala mimi. Kwetu ni nilikotoka, kwenye baba, shangazi na wadogo zangu, na nisipokuwepo mgeni atapokelewa na kulishwa. Ndani ya "-etu" kuna watu, hata wasipoonekana. Kwa hiyo hata mfano huo wa adabu haumsaidii mtu aliye peke yake: mteja akibisha hodi siku hayupo, nani atafungua?

Tena "sisi" yetu haisemi kama anayeambiwa yumo au hayumo. "Tutakula" inaweza kuwa mimi na wenzangu, inaweza kuwa mimi na wewe. Tukiwa ana kwa ana macho hutusaidia kujua. Kwenye karatasi hakuna macho.

Kijana mmoja mchora lebo aliandikia kikundi cha wafugaji nyuki huko Sikonge: "Timu yetu itafika kupiga picha za mizinga, na usafiri tutagharamia." Yeye alimaanisha watachangia nusu kwa nusu. Katibu wa kikundi akasoma kwamba kampuni inalipa yote, na alisoma sawasawa na kilichoandikwa. Hilo walilimaliza kwa simu. Zito lilikuja wiki ya kazi, kijana alipolala na malaria. Katibu akapiga: "Basi tumeni mwingine." Hakuna mwingine. Asali imeshachujwa, chupa zimeshanunuliwa, lebo hazipo. Kilichomuumiza katibu si ugonjwa, bali ni ile timu aliyoipangia ratiba.

Kijana alikuwa na cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, akaona kinampa haki ya kuandika "sisi". Hakimpi. Jina la biashara ni jina la mwenye nalo. Madeni yake ni madeni ya mtu huyohuyo. Kampuni iliyosajiliwa ni kitu kingine: yenyewe ndiyo inayoingia mkataba, na ndiyo maana mfanyakazi wake husaini "kwa niaba ya". Hapo ndipo ninapowapimia vijana. Juu ya sahihi yako, unaweza kuandika "kwa niaba ya" halafu ukamtaja mwingine asiye wewe? Kama huwezi, andika "ni-".

Na aliye kwenye kampuni kubwa asidhani "ni-" imemtoka. "Nilikutembelea Jumanne" ni yake, kwa sababu miguu ni yake. "Tutarekebisha kasoro ndani ya mwezi" ni ya ofisi. Akiandika "tulikutembelea" wakati alikwenda peke yake, mteja hajui amtafute nani.

Mwenye kufanya kazi peke yake ana vitu ambavyo ofisi kubwa kwa kawaida haitoi: anayeongea na mteja ndiye atakayeshika kalamu, na bei haibebi kodi ya ofisi wala mishahara ya wengine. "Sisi" inavificha vyote viwili. Inamfanya mteja amlinganishe na ofisi ya watu kumi, kwa idadi ya watu, mahali ambapo hawezi kushinda.

Barua ya yule kijana tuliiandika upya pale kaunta. Sasa inasomeka hivi: "Ninachora lebo za asali, na kazi yote ya uchoraji naifanya mwenyewe. Uchapaji unafanywa na mchapaji wa hapa Tabora ninayeshirikiana naye. Mtamlipa yeye moja kwa moja. Nauli ya kuja Sikonge naomba mlipe ninyi. Nikipata dharura nitawaarifu siku hiyohiyo, na michoro yote iliyokwisha nitawakabidhi ili mtu mwingine aweze kuendelea."

Chini yake kuna jina lake moja na namba yake ya simu.