“Si unaona ni mraba?”

Nimechoka na jibu hilo. Mwanafunzi anachora mchoro wa kuthibitisha kanuni ya Pithagorasi vizuri kabisa, kisha nikimuuliza umbo la katikati amejuaje kuwa ni mraba, ananitazama kana kwamba sina macho.

Tuufuate mchoro. Chora mraba wenye upande a + b. Anzia kona yoyote na uzunguke kuelekea upande mmoja. Kila ukifika kona, pima a na utie alama. Unganisha alama nne. Kwenye kona umepata pembetatu nne zinazolingana, kila moja ina pande a na b zinazokutana kwa nyuzi 90, na upande mrefu c. Katikati limebaki umbo lenye pande nne za c.

Hapo ndipo wengi wanapoandika c² na kuendelea. Pande nne sawa hazitoshi, maana hata umbo lililolala kama almasi linazo. Itazame alama moja. Imekaa kwenye mstari ulionyooka, na pembe tatu zinakutana hapo: pembe kali ya pembetatu ya kushoto, pembe ya umbo la katikati, na ile pembe kali nyingine ya pembetatu ya kulia. Pembe kali mbili za pembetatu hizi hujumlisha nyuzi 90. Mstari ni nyuzi 180, kwa hiyo katikati zimebaki 90. Sasa ni mraba, na eneo lake ni c².

Sasa zihamishe pembetatu ndani ya mraba uleule mkubwa. Ziunganishe mbilimbili kwa upande mrefu, upate mistatili miwili ya a kwa b, na uiweke kwenye kona zinazotazamana, mmoja ukilala na mwingine ukisimama. Nafasi inayobaki ni mraba wa a na mraba wa b. Pembetatu ni zilezile, mraba mkubwa ni uleule, basi a² + b² = c².

Anayeamini jicho tu akate “pembetatu” ya 13 kwa 5 inayojengwa na pembetatu ya 8 kwa 3, ya 5 kwa 2, na vipande viwili vinavyojaza mstatili uliobaki. Akivipanga upya, linatokea tundu la mraba mmoja. Hakuna kilichopotea: mteremko wa 3/8 ni 0.375, wa 2/5 ni 0.4, kwa hiyo ule upande mrefu umepinda tangu mwanzo. Jicho halikuona.

Wengine husema 3, 4, 5 inatosha kuthibitisha. Hapana, 9 + 16 = 25 ni mfano mmoja; a na b za mchoro ni urefu wowote.

Na anayeandika (a + b)² = a² + b² aiangalie ile mistatili miwili. Ndiyo 2ab aliyoitupa.