O tatu za молоко́: kuandika mwongozo wa matamshi ya Kirusi

Neno la Kirusi la maziwa, молоко́, lina herufi о mara tatu, na kila moja ina sauti yake. Ya mwisho imebeba mkazo, nayo ni o kamili. Ya katikati, iliyo jirani na mkazo kwa upande wa kushoto, husikika kama a fupi. Ya kwanza, iliyo mbali zaidi, hufifia kabisa na kuwa sauti hafifu ya katikati ya kinywa ambayo si a, si o, wala si e, na ambayo Kiswahili sanifu hakina. Mwanaisimu wa karne ya 19, Aleksandr Potebnya, alionyesha nguvu za silabi hizo kwa tarakimu: yenye mkazo ni 3, iliyo mara tu kabla yake ni 2, na nyingine zote ni 1. Kwa hiyo молоко́ ni 1–2–3.

Sisi tuliozaliwa katika Kiswahili tunaona jambo hili geni kwa sababu mbili. Irabu zetu tano hutamkwa kwa ukamilifu popote zilipo, na mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache kama barábara, yaani sawasawa, linalotofautiana na barabára ya magari kwa mkazo tu. Kirusi kina jozi nyingi za namna hiyo: за́мок ni ngome, ilhali замо́к ni kufuli. Tofauti yao na yetu ni kwamba mkazo ukihama katika Kirusi, irabu nazo hubadilika. Mji ni го́род, wenye o kamili mwanzoni na sauti hafifu mwishoni. Miji ni города́, ambamo o ile ile ya mwanzo imefifia na ya pili imekuwa a. Tahajia haikuguswa, kwa sababu Warusi huandika shina la neno kwa sura moja hata linapotamkwa kwa sura mbili. Wabelarusi walichagua njia nyingine, nao huandika малако kama wanavyolitamka.

Mwongozo wangu wa kwanza kwa wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwenda kusoma Urusi ulifuata njia hiyo ya Kibelarusi kwa herufi zetu: chini ya neno niliandika «malako». Wote walisoma maláko, kwa a mbili zilizo sawa na mkazo katikati, kama ambavyo Mswahili yeyote angesoma. Kosa la pili lilichelewa kuonekana, nalo lilikuwa baya zaidi. Anayesoma Kisirili, yaani herufi za Kirusi, polepole, akipewa mstari mzima wa herufi anazozijua, macho yake hayarudi tena juu. Baada ya wiki kadhaa nilifunika mistari ya chini, na neno ресторан, yaani mkahawa, likasomwa «pektopa», kwa sababu р ilionekana kuwa p, с ikawa k, na н ikamezwa kama h.

Tangu hapo ninaweka alama ya mkazo juu ya neno la Kisirili lenyewe, na chini yake ninaandika irabu zilizobadilika tu. Herufi ndogo iliyoinuliwa inasimamia sauti hafifu, ili msomaji asilazimike kujifunza herufi nyingine ngeni:

```
мо ло ко́     го́ род     го ро да́     ре сто ра́н
 ᵃ  a            ᵃ       ᵃ  a         i   a
```

Pasipo na kitu chini, msomaji hana budi kusoma Kisirili. Katika ресторан, е imekuwa karibu na i, kwa kuwa е na я zisizo na mkazo hufanya hivyo baada ya konsonanti laini, yaani inayotamkwa ulimi ukiinuka kuelekea kaakaa. Lakini я ya mwisho wa вре́мя, yaani wakati, ninaiandikia ᵃ, kwa kuwa viambishi vya mwisho vina desturi yake. Herufi у haihitaji alama, kwani hubaki u. О inayoanza neno, kama katika окно́, dirisha, huwa a hata ikiwa mbali na mkazo. Maneno machache ya kigeni, kama ра́дио, hubakiza o yao ya mwisho, na hayo ninayaacha bila alama.

Ili kujua kama kanuni imeingia, ninaandika neno jipya lenye mkazo tu, голова́, yaani kichwa, bila chochote chini yake. Anayetamka a mbili zenye urefu sawa kabla ya mkazo bado anakariri. Anayefifisha ya kwanza ninampa wingi wake, го́ловы, na kusikiliza kama o imerudi mwanzoni na ile ya katikati imezama.